Sura ya Saba: Kutoa Taarifa ya Jaribio Mbele ya Darasa

Katika sura iliyopita ulijifunza kutengeneza chujio la mchanga na kuchuja maji yenye tope. Sasa mwalimu amelipa kila kundi dakika 5 za kusimama mbele ya darasa, kueleza lilivyofanya jaribio na kusema limegundua nini. Baada ya hapo wanafunzi wengine watauliza maswali.

Katika sura hii tutalifuata kundi moja la wanafunzi wanne wa darasa la tano tangu linapofungua daftari lake mpaka linapojibu swali la mwisho. Kabla hatujaanza, tazama mambo yaliyoandikwa katika daftari hilo.

Daftari la kundi

Kundi lilikata kitako cha chupa ya plastiki, likaigeuza mdomo chini. Mdomoni waliweka pamba. Juu ya pamba waliweka mchanga laini uliooshwa, kisha mchanga wa chembe kubwa, na juu kabisa changarawe. Maji waliyoyachuja yaliletwa kwa ndoo kutoka mtoni.

Ili kujua maji yana tope kiasi gani, walichora alama nyeusi ya X katika karatasi nyeupe, wakaweka bilauri juu ya alama hiyo. Walimimina maji kidogo kidogo huku mmoja wao akitazama kutoka juu. Alama ilipopotea machoni, waliacha kumimina na kupima kimo cha maji kwa rula. Utaona kwamba maji yenye tope jingi huificha alama upesi, na kimo chake huwa kidogo.

Matokeo waliyoandika ni haya:

Maji ya mtoni yaliyokorogwa: alama ilipotea kwenye kimo cha sentimita 4.

Maji ya mtoni yaliyoachwa yatuame kwa dakika 30, kisha maji ya juu yakamiminwa polepole katika bilauri ya kupimia: alama ilipotea kwenye kimo cha sentimita 6.

Maji yaliyochujwa mara ya kwanza: sentimita 3. Hapo mchanga ulikuwa haujaoshwa.

Maji yaliyochujwa baada ya mchanga kuoshwa: bilauri ilijaa mpaka sentimita 12, na alama bado ilionekana.

Daftari lina mambo mengine pia: nani alileta chupa, kisu kilivyokuwa butu, maji yalivyomwagika mezani, na kwamba kuchuja bilauri moja kulichukua dakika 20. Kurasa zote ni sita. Zikisomwa kwa sauti, dakika 5 hazitatosha.

1. Kuchagua mambo makuu

Mara nyingi mwanafunzi huanza kueleza jaribio kama anavyosimulia safari: "Kwanza tulikwenda mtoni. Halafu tulirudi. Halafu tulikata chupa." Kundi letu lilianza hivyo pia. Walipojaribu kwa saa, dakika ya tatu iliwakuta bado wanakata chupa, na dakika ya tano wakawa hawajataja matokeo hata moja. Hivyo ndivyo unavyoweza kulitambua kosa hili: kengele ya muda hulia kabla ya kusema ulichogundua.

Dawa yake ni kuanza kuchagua kutoka mwisho wa daftari. Andika kwanza swali ambalo jaribio lililijibu. Chini yake andika jibu katika sentensi moja. Kisha jiulize: "Msikilizaji anahitaji kujua mambo gani ili aliamini jibu hili?" Jambo ambalo likiondolewa msikilizaji hataliamini jibu, hilo ni jambo kuu. Jambo ambalo likiondolewa jibu linabaki kama lilivyo, liache.

Tulijaribu njia hii kwa kisu butu. Ukiacha kukitaja, je, jibu litabadilika? Halitabadilika. Kwa hiyo kisu hakitatajwa. Sasa jaribu kwa alama ya X. Ukiacha kuitaja, msikilizaji atauliza, "Mmejuaje kwamba maji haya yana tope pungufu?" Kwa hiyo alama ya X ni jambo kuu.

Mwishowe kundi lilibaki na mambo makuu matatu:

(a) Jinsi tabaka za chujio zilivyopangwa.
(b) Jinsi alama ya X ilivyotumika kupima tope.
(c) Tofauti kati ya sentimita 4 kabla ya kuchuja na sentimita 12 baada ya kuchuja.

Matokeo ya maji yaliyotuama na ya mchanga usiooshwa hayakuingia katika mambo makuu, lakini hayakutupwa. Waliyaandika nyuma ya karatasi, kwa ajili ya maswali. Baadaye utaona faida yake.

2. Kuandika jibu lisilozidi jaribio

Hapa kundi lilikaribia kufanya kosa kubwa. Jibu waliloandika kwanza lilikuwa hili: "Mchanga husafisha maji." Maji yao yalionekana maangavu kabisa, kwa hiyo hawakuona ubaya wowote katika sentensi hiyo.

Fikiri juu ya msikilizaji. Ataondoka darasani akiwa na sentensi hiyo kichwani. Jioni atatengeneza chujio nyumbani, ayaone maji yanang'aa, naye atampa mdogo wake ayanywe. Maji hayo yakiwa na vijidudu vya kipindupindu au vya kuhara damu, mtoto ataugua. Tope huonekana kwa macho, lakini vijidudu havionekani. Bakteria wengi ni wadogo mno hata ukiwapanga 500 katika mstari mmoja, mstari huo hautapita milimita 1 kwa urefu. Nafasi zilizo kati ya chembe za mchanga ni kubwa kuliko wao, nao hupita humo pamoja na maji.

Tena, alama ya X hupima nini? Hupima tope tu. Kundi halikuhesabu vijidudu. Basi neno "husafisha" linasema zaidi ya lile lililopimwa. Wakaibadili sentensi yao iwe hivi: "Mchanga uliooshwa uliondoa tope jingi katika maji ya mtoni." Baada yake wakaongeza onyo: "Hatukupima vijidudu. Maji haya lazima yachemshwe kabla ya kunywewa."

Kila unapoandika jibu, weka kidole juu ya kila neno na ujiulize: "Jambo hili tulilipima wapi?" Neno lisilo na mahali pake katika daftari lifute, au libadili.

Hata namba ziangalie hivyo hivyo. Bilauri ilijaa kwenye sentimita 12 na alama ikawa bado inaonekana. Hatujui ingepotea kwenye kimo gani, kwa sababu bilauri iliisha. Si sahihi kusema, "Alama ilipotea kwenye sentimita 12." Sema, "Alama ilikuwa bado inaonekana bilauri ilipojaa kwa sentimita 12."

3. Kugawa dakika 5

Kundi liligawa muda wake hivi:

Dakika 1: swali na jibu lake.
Dakika 1 na nusu: chujio na tabaka zake.
Dakika 1 na nusu: alama ya X na matokeo.
Dakika 1: jibu kwa mara ya pili, pamoja na onyo.

Unaona kwamba jibu limesemwa mwanzoni, na mwishoni limerudiwa. Msikilizaji anayejua mapema unakokwenda hufuata maelezo kwa urahisi. Anaposikia habari za alama ya X, anajua tayari kwamba unamthibitishia jambo ulilokwisha kulisema.

Ili ujue maneno mangapi yanatosha katika dakika 1, usikisie. Chagua ukurasa wowote wa kitabu hiki. Usome kwa sauti ya kumfikia mtu aliye nyuma ya darasa, na mwenzako atazame saa. Dakika 1 ikiisha, hesabu maneno uliyosoma. Mtu aliyesimama mbele ya watu huelekea kuharakisha, kwa hiyo soma polepole kuliko unavyozungumza na rafiki yako.

Usiandike hotuba nzima ili uisome. Mwanafunzi anayesoma karatasi huinamisha kichwa, na sauti yake huishia sakafuni. Chukua kipande cha karatasi kinachoenea kiganjani, uandike maneno machache tu ya kukukumbusha. Karatasi ya msemaji wa pili wa kundi letu ilikuwa hivi:

chupa - mdomo chini
pamba
mchanga laini (umeoshwa!)
mchanga mkubwa
changarawe
maji huingia juu

Maneno hayo yalimtosha. Sentensi zenyewe alizitunga aliposimama, kwa kuwa alikuwa amelitengeneza chujio kwa mikono yake.

Kati ya wanafunzi wanne, wawili walichaguliwa kusema, mmoja kushika vifaa, na mmoja kutazama saa. Wote wanne wangesema, muda mwingi ungepotea kwa kupishana.

4. Kuandaa picha na vifaa

Kundi lilichora chujio katika karatasi kubwa na kuandika jina la kila tabaka. Walipoibandika ukutani, mmoja wao alikwenda kuketi kwenye dawati la mwisho. Hakuweza kusoma hata neno moja, kwa kuwa herufi zilikuwa na kimo cha sentimita 1. Wakaziandika upya kwa kimo cha sentimita 4, na hapo zikasomeka. Fanya jaribio hili kila mara: nenda kwenye dawati la mwisho kabla wasikilizaji wako hawajaketi hapo.

Jambo la pili ni muda wa vifaa. Kuchuja bilauri moja kulichukua dakika 20, na kundi lilikuwa na dakika 5 tu. Kama wangeanza kuchuja mbele ya darasa, wote wangekaa kimya wakitazama matone. Kwa hiyo walichuja asubuhi, wakaja na bilauri mbili: moja ya maji ya mtoni, na nyingine ya maji yaliyochujwa. Chujio lenyewe waliliweka mezani lionekane.

Usizipitishe bilauri mikononi mwa wanafunzi wakati unaposema. Bilauri ikifika kwenye dawati, wanafunzi wa hapo huitazama na kuacha kukusikiliza. Iinue juu mwenyewe, mbele ya karatasi nyeupe, ili tofauti ionekane. Wanaotaka kuikaribia wafanye hivyo baada ya maswali. Na asiwepo mtu wa kuonja maji hayo.

5. Kusimama na kusema

Simama kando ya picha, si mbele yake. Tumia fimbo ndogo kuonyesha tabaka. Ukitaka kutazama picha, nyamaza kwanza, onyesha, kisha uwageukie wasikilizaji ndipo uendelee kusema. Ukisema huku umeitazama picha, ukuta ndio utakaokusikia.

Tazama safu ya mwisho mara kwa mara. Ukiona wanafunzi wa nyuma wanainama mbele au wanaulizana, huenda sauti yako haiwafikii. Usipige kelele. Fungua kinywa zaidi na upunguze mwendo.

Unapotaja namba, itaje mara mbili na usite kidogo. Msemaji wa kundi letu alisema: "Kabla ya kuchuja, alama ilipotea kwenye sentimita 4. Sentimita 4." Akanyamaza kidogo, akaonyesha kimo hicho kwa vidole. "Baada ya kuchuja, bilauri ilijaa kwa sentimita 12, na alama ilikuwa bado inaonekana." Darasa zima lilielewa.

Ukisahau, nyamaza, tazama karatasi yako, kisha uendelee. Kwa msemaji kimya cha sekunde tatu huonekana kirefu, lakini wasikilizaji hukidhania kuwa ni kituo tu.

6. Kujibu maswali

Swali likiulizwa, fanya mambo matatu kwa utaratibu. Kwanza, lisikilize mpaka mwisho, bila kumkatiza anayeuliza. Pili, lirudie kwa sauti, ili waliokaa mbali walisikie na wewe uhakikishe kwamba umelielewa. Tatu, tambua ni swali la namna gani. Maswali yapo ya namna tatu, na kila namna hujibiwa kwa njia yake.

Namna ya kwanza ni swali juu ya lile mlilolifanya. Mwanafunzi mmoja aliuliza, "Kwa nini mliosha mchanga?" Msemaji alirudia swali, akageuza karatasi yake na kujibu: "Mara ya kwanza hatukuuosha. Maji yaliyotoka yalikuwa na tope zaidi ya yale tuliyomimina. Alama ilipotea kwenye sentimita 3. Vumbi la mchanga liliingia katika maji." Swali la namna hii hujibiwa kutoka katika daftari. Usione haya kutaja jambo ambalo halikufaulu mara ya kwanza, kwa maana hilo nalo ni tokeo.

Namna ya pili ni swali linalolitilia shaka jibu lenu. Mwanafunzi mwingine alisema, "Mimi nadhani tope lilituama lenyewe kwa sababu mlingoja muda mrefu. Labda mchanga haukufanya kitu." Swali hili ni zuri sana. Wasemaji wengine wangekasirika na kujibu, "Sisi tuliona kwa macho yetu!" Jibu kama hilo halimwondolei mtu shaka. Msemaji wetu alisema: "Umeuliza kama tope lilituama lenyewe. Tuliacha maji mengine yatuame kwa dakika 30 bila kuyachuja. Alama ilipotea kwenye sentimita 6. Kwa hiyo kutuama kulisaidia kidogo, kutoka sentimita 4 hadi 6. Maji yaliyochujwa yalifika sentimita 12, na alama ikawa bado inaonekana."

Hiyo ndiyo faida ya kutoyatupa matokeo yaliyowekwa nyuma ya karatasi. Na kama kundi lisingekuwa na bilauri hiyo ya kulinganisha, jibu la kweli lingekuwa hili: "Inawezekana. Hatukulinganisha na maji yaliyotuama. Tutarudia jaribio." Hapo ingebidi kurudia jaribio kwelikweli, na kuliletea darasa matokeo.

Namna ya tatu ni swali linalopita mipaka ya jaribio. Mwanafunzi wa tatu aliuliza, "Nimesikia kwamba mitambo ya maji ya mjini hutumia mchanga. Mbona nyinyi mnasema maji ya mchanga yachemshwe?" Msemaji hakujua. Hakutunga jibu. Alisema, "Jaribio letu halikuchunguza mitambo ya mjini. Tulilolipima ni tope tu, katika chujio la chupa. Tutamwomba mwalimu atueleze."

Mwalimu alieleza hivi. Liko chujio kubwa la mchanga linalopitisha maji polepole, sentimita 10 hadi 30 tu kwa saa, katika mchanga wenye kina cha karibu mita 1. Baada ya siku nyingi, tabaka jembamba lenye viumbe vidogo hai huota juu ya mchanga. Viumbe hivyo hula au kunasa sehemu kubwa ya vijidudu vya maradhi. Zaidi ya hayo, mitamboni hutiwa klorini ili kuua vijidudu vilivyobaki. Chujio la chupa lililotengenezwa leo halina tabaka hilo, wala halina klorini. Kwa hiyo maji yake huchemshwa mpaka yatoe mapovu makubwa kwa dakika 1 kamili. Mahali palipo juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, maji huchemka kabla ya kupata joto kali, kwa hiyo yaachwe yachemke kwa dakika 3.

Angalia kwamba msemaji alipokiri kuwa hajui, darasa lilipata jibu la kweli. Kama angetunga jibu, hakuna ambaye angemwuliza mwalimu.

Jambo moja zaidi. Swali moja lijibiwe na msemaji mmoja. Wawili wakijibu pamoja, mmoja aseme sentimita 6 na mwingine aseme 7, wasikilizaji hawataamini namba yoyote. Mwenye nyongeza angoje mwenzake amalize. Wakitofautiana, wafungue daftari mbele ya wote na kusoma kilichoandikwa.

Mazoezi

1. Kundi jingine lilipanda mbegu 10 za maharagwe katika kopo lenye udongo wenye unyevu, na mbegu 10 katika kopo lenye udongo mkavu. Baada ya siku 7 mbegu 8 zilikuwa zimeota katika udongo wenye unyevu. Katika udongo mkavu hakuna iliyoota. Andika swali la jaribio hili, kisha jibu lake katika sentensi moja.

2. Mwanafunzi wa kundi hilo aliandika: "Mbegu zote huhitaji maji tu ili ziote." Weka kidole juu ya kila neno. Ni maneno gani yanayozidi jaribio? Iandike upya sentensi hiyo.

3. Katika daftari lao yameandikwa mambo haya: rangi ya makopo, idadi ya mbegu, siku ya kupanda, jina la aliyeleta udongo, mahali makopo yalipowekwa. Yapi ni mambo makuu? Yapi utayaweka nyuma ya karatasi kwa ajili ya maswali? Eleza sababu.

4. Msikilizaji anauliza, "Je, mbegu za mahindi nazo zingekuwa hivyo?" Hili ni swali la namna gani kati ya zile tatu? Andika jibu utakalompa.

5. Soma kwa sauti kwa dakika 1 na uhesabu maneno yako. Kisha andaa taarifa ya dakika 3 juu ya jaribio ulilolifanya katika sura iliyopita. Mwenzako atazame saa, na aketi kwenye dawati la mwisho.